Ankara kongwe si lazima ilipwe kwanza

Ripoti ya umri wa madeni ya wasambazaji hupanga ankara ambazo hazijalipwa katika safu: zisizofika tarehe, siku 1–30, 31–60, 61–90, na zaidi ya 90. Fedha zikipungua, wengi huanzia safu ya mwisho na kurudi nyuma hadi akaunti ikauke.

Tuchukue biashara yenye madeni manne. Mchapaji wa lebo anadai 600,000, zote zaidi ya siku 90. Msambazaji wa malighafi anadai 700,000: ankara ya 660,000 iliyochelewa siku 12, na nyingine ndogo ya 40,000 iliyosahaulika katika safu ya 61–90. Msafirishaji anadai 450,000 katika safu ya 31–60, naye ameshasema kwamba asipolipwa yote kufikia Ijumaa hapakii tena mzigo. Wa vifungashio anadai 500,000 ambazo bado hazijafika tarehe. Benki kuna 1,900,000.

Dhana: Tuna 1,900,000 za kuwagawia wasambazaji.

Hapana. Mishahara, kodi na marejesho ya mkopo kwa kawaida havimo kwenye ripoti hii, na haviwezi kusubiri. Hapa vinachukua 700,000, kwa hiyo zinabaki 1,200,000.

Dhana: Kinachoandikwa kwenye safu ndicho tunachodaiwa.

Kabla ya kulipa chochote, kila jumla ilinganishwe na taarifa ya akaunti iliyotoka kwa msambazaji mwenyewe. Mchapaji huyu alirudishiwa lebo zilizoharibika zenye thamani ya 420,000, akatoa hati ya kupunguza deni, lakini hati hiyo haijaingizwa kwenye mfumo. Deni lake halisi ni 180,000. Dalili ya tatizo kama hili ni ankara inayozeeka mwezi baada ya mwezi bila mwenyewe kupiga simu kuiulizia.

Angalia pia mfumo unahesabu umri kuanzia lini. Ukihesabu kutoka tarehe ya ankara badala ya tarehe ya mwisho ya kulipa, msambazaji aliyekupa siku 60 ataonekana kwenye safu ya 31–60 ilhali hujamchelewesha hata siku moja. Mara nyingi hili ni chaguo tu katika mipangilio ya ripoti, na nimeona watu wakilipa mapema kwa hofu kwa sababu yake.

Dhana: Kiwango cha deni ndicho kinachomfanya msambazaji asimamishe mzigo.

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa anayejua. Msambazaji naye ana ripoti yake ya umri, ya wateja, na wewe umo. Wengi wameweka mfumo wao uzuie oda mpya mara ankara yoyote ya mteja inapopita umri fulani, hata ikiwa ndogo. Malighafi zetu zinatosha siku 8 tu na oda imezuiwa. Ukipiga simu na kuuliza swali moja, "Mkilipwa nini mtaachia mzigo?", unagundua kwamba kilichozuia ni ile 40,000. Wanakubali kuachia mzigo wakipata hiyo pamoja na nusu ya ile kubwa, yaani 330,000, na salio baada ya wiki mbili. Badala ya 700,000 zinatoka 370,000. Omba makubaliano hayo kwa maandishi, maana aliyepokea simu huenda siye anayebonyeza kitufe cha kuachia oda.

Dhana: Punguzo la kulipa mapema halikataliwi kamwe.

Wa vifungashio anatoa 2% ukilipa ndani ya siku 10, la sivyo siku 30. Kulipa siku 20 mapema kwa punguzo hilo, ukikokotoa kwa mwaka, ni sawa na riba ya takriban 37%. Ni kubwa kweli, na fedha zikiwepo ningelichukua bila kusita. Lakini leo maana yake ni kutoa 490,000 ili kuokoa 10,000. Tukishatenga 370,000 za malighafi, zingebaki 340,000, ambazo hazimtoshi msafirishaji. Malighafi zingeingia, bidhaa zikatengenezwa, kisha zikakaa ghalani bila gari.

Basi Ijumaa zinatoka 370,000 za malighafi, 450,000 za msafirishaji, na 180,000 za mchapaji, pamoja na kuingiza ile hati yake ili mstari ufungwe. Jumla ni 1,000,000. Mchapaji angeweza kusubiri wiki nyingine, nakubali. Namlipa kwa kuwa kiasi ni kidogo na lebo zitahitajika tena. Zile 200,000 zilizobaki hazigawanywi vipandevipande kwa wote. Zinatengwa kwa ajili ya salio la malighafi, na mtu wa mauzo anaambiwa leo kwamba 130,000 zilizopungua lazima zikusanywe kwa wateja ndani ya wiki mbili.