Picha ya kidonge na rula: dhana potofu na ukweli

Kidonge kikikutwa kimelala peke yake, bila pakiti wala kopo, kinachobaki kukitambulisha ni ukubwa, umbo, rangi na alama zake. Picha inaweza kubeba hayo yote, lakini nyingi hazibebi, na chanzo huwa ni dhana hizi.

Dhana: Rula ikiwa pembeni, kipimo kitakuwa sahihi.

Si lazima. Rula na kidonge havina kimo kimoja, na kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa zaidi. Chukua kidonge cha duara chenye uso bapa, kipenyo milimita 10 na unene milimita 4, kando ya rula yenye unene wa milimita 1. Simu ikiwa sentimita 10 juu ya meza, ukingo wa juu wa kidonge uko milimita 96 kutoka kwenye lenzi, na mistari ya rula iko milimita 99. Kwenye picha kidonge kitasomeka milimita 10.3. Simu ikipandishwa hadi sentimita 30, kitasomeka 10.1.

Kwa hiyo pandisha simu, kisha vuta kwa zumu au ukate picha baadaye. Hata hivyo dawa yenyewe ni kuinua rula. Kadi ya benki ina unene wa takriban milimita 0.76, hivyo kadi nne chini ya rula hiyo zinaifikisha usawa wa ukingo wa kidonge, na tofauti inaisha. Kidonge chenye tumbo pande zote mbili ni kipana kiunoni, si juu, kwa hiyo hapo rula iinuliwe hadi nusu ya unene tu.

Simu iwe sambamba na meza, kidonge kiwe katikati ya picha, maana pembezoni lenzi hupinda vitu. Angalia pia kama simu imejibadilishia lenzi pana uliposogea karibu: utaona picha inaruka ghafla kwenye kioo. Ukingo wa kidonge uanzie kwenye mstari wa sentimita 1 badala ya mwisho wa rula, kwa sababu mwisho mara nyingi umelika au sifuri haianzii hapo.

Dhana: Mwanga mwingi, alama wazi.

Alama nyingi za vidonge hazina wino. Ni herufi na tarakimu zilizodidimizwa kwenye uso, rangi ni ileile, na jicho huziona kwa kivuli tu. Flashi ikipiga kutoka juu inafuta kivuli hicho na kidonge cheupe kinabaki kama shati lililotoka kwa dobi.

Zima flashi. Washa taa au tochi moja upande mmoja, chini, mwanga upite juu ya kidonge kwa mlalo. Izungushe taratibu huku ukitazama kioo cha simu, kwani mfereji unaoelekea sawa na mwanga hauweki kivuli: mstari wa kugawia unaweza kupotea kabisa taa ikiwa upande usiofaa. Kama alama ni za wino, mambo ni kinyume: mwanga laini wa dirishani unatosha.

Karatasi ya chini iwe ya kijivu, isiyong'aa. Nyeusi huifanya simu iongeze mwanga hadi kidonge cheupe king'ae mno na alama zipotee. Gusa kidonge kwenye kioo ili simu ikilenge, kisha punguza mwangaza mpaka mipaka ya herufi ionekane.

Dhana: Upande usio na kitu hauhitaji picha.

Upande mtupu nao ni taarifa. Bila picha yake, anayetazama hajui kama hapana alama au hukuupiga. Piga wa kwanza, geuza kidonge tu, usiguse rula, simu wala taa, kisha piga wa pili. Kishike kwa kibano au glavu kavu, kwani jasho hufifisha wino. Kamera ya mbele usiitumie: baadhi ya simu huhifadhi picha zake kama zilivyo kwenye kioo cha kujitazamia, na herufi hugeuka. Ukituma, tuma kama faili, maana picha ya kawaida hubanwa na mistari midogo hupotea.

Dhana: Alama zikisomeka, dawa imejulikana.

Alama ni kidokezo tu. Marekani sheria inazitaka kwenye vidonge vingi, lakini si kila nchi inafanya hivyo, na wanaoghushi dawa hunakili alama pia. Kilichomo ndani huthibitishwa maabara. Kidonge kisichojulikana kisimezwe kwa kutegemea picha, na kama mtu ameshameza kimojawapo, apelekwe hospitali na kilichobaki kiende naye. Rula na taa ziachwe mezani.