Figo hazichagui uchafu: dhana potofu kuhusu namna mkojo unavyotengenezwa

Wengi wetu tumefundishwa kwamba figo ni chujio: damu chafu huingia, uchafu hunaswa, na damu safi huendelea na safari yake. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Nusu inayokosekana ndiyo inayowafanya watu wasome vibaya wingi wa mkojo wao, rangi yake na hata majibu wanayopewa maabara.

Dhana potofu: Figo huutambua uchafu ndani ya damu na kuunasa

Hakuna sehemu ya figo inayotambua uchafu. Kila figo ina takriban nefroni milioni moja, na kila nefroni huanza na kifundo cha kapilari kiitwacho glomerulasi, ambacho kimekaa ndani ya kifuko chenye kuta nyembamba. Shinikizo la damu ndani ya kifundo hicho husukuma majimaji nje ya kapilari na kuyaingiza kwenye kifuko. Vinavyozuiwa kupita ni vitu vikubwa, yaani seli za damu na protini kama albumini. Kila kilicho kidogo hupita bila kuulizwa: maji, chumvi, sukari, asidi amino, na mabaki ya kazi za mwili kama urea na kreatinini. Kwa sababu hiyo mfano wa chujio la chai, ambao hutumiwa sana madarasani, unapotosha. Kwenye chai majani hubaki juu na kinywaji tunachokitaka hupita, lakini kwenye figo tunavyovihitaji na tusivyovihitaji hupita pamoja katika majimaji yaleyale.

Kwa mtu mzima mwenye afya, majimaji hayo ni kama mililita 125 kila dakika, ambayo kwa siku nzima ni lita 180. Mtu huyo ana plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, ya takriban lita 3 tu mwilini, hivyo plazima yake yote hupitishwa kwenye vifundo hivyo kama mara 60 kwa siku. Hata hivyo mkojo anaoutoa kwa kawaida ni lita moja na nusu hivi. Zaidi ya asilimia 99 ya kilichochujwa kimerudishwa kwenye damu kabla ya kufika kwenye kibofu.

Uchaguzi wenyewe, basi, hufanyika katika mrija mrefu unaofuata baada ya kifundo. Seli za ukuta wa mrija huo zina protini za usafirishaji, na kila aina ya protini hubeba kitu chake mahususi. Glukosi ina wabebaji wake, na kwa kawaida yote hurudishwa. Urea hurudi kwa kiasi, takriban nusu yake. Kreatinini haina wa kuirudisha. Inatoka mwilini kwa sababu imeachwa nyuma, na si kwa sababu kuna kitu kilichoitambua kuwa taka. Mpango huu unaonekana kuwa wa kifujaji, kwa kuwa kurudisha lita zaidi ya 178 kila siku kunahitaji nishati nyingi, lakini una faida kubwa: kemikali ndogo ambayo mwili haujawahi kukutana nayo inaweza kutolewa bila figo kuwa na njia ya kuitambua, mradi tu isishikamane na protini za damu na isipenye kurudi.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1924 huko Philadelphia, Marekani, na Joseph Wearn na Alfred Newton Richards. Walichoma kwa sindano nyembamba mno ya kioo kifuko cha nefroni ya chura, wakavuta tone la majimaji na kulilinganisha na mkojo uliokuwa kwenye kibofu cha chura huyohuyo. Tone la kwenye kifuko lilikuwa na sukari, ilhali mkojo wa kibofuni haukuwa nayo. Sukari ilikuwa imechujwa kwanza, kisha ikarudishwa njiani.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo vitabu vya shule huipitia haraka. Baadhi ya vitu havisubiri kuchujwa, bali seli za mrija huvichukua kutoka kwenye damu iliyo jirani na kuvimimina ndani ya mrija. Potasiamu nyingi inayotoka kwenye mkojo hutoka hivyo, na penisilini vilevile. Mwaka 1941, madaktari wa Oxford walipompa penisilini askari polisi aliyekuwa mahututi kwa maambukizi, dawa ilikuwa adimu kiasi kwamba walikusanya mkojo wake, wakaitoa dawa humo na kumchoma tena. Figo zilikuwa zikiimwaga nje kwa kasi kuliko walivyoweza kuitengeneza, na hatimaye iliwaishia na mgonjwa akafariki.

Dhana potofu: Sukari ikionekana kwenye mkojo, figo zimeharibika

Mara nyingi figo za mtu huyo zinafanya kazi ileile zilizokuwa zikiifanya siku zote, ila zimezidiwa na mzigo. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha hivyo.

Chukua mtu ambaye sukari yake ni milimoli 5 kwa lita, sawa na gramu 0.9 hivi katika kila lita ya plazima. Lita 180 zinazochujwa kwa siku hubeba kama gramu 162 za sukari. Wabebaji wa mrija wana uwezo wa kurudisha takriban miligramu 375 kwa dakika, ambazo ni gramu 540 kwa siku, kwa hiyo gramu hizo 162 hurudi zote na mkojo hauna sukari. Sasa mchukue mgonjwa wa kisukari ambaye kipimo chake kimekaa kwenye milimoli 20, yaani gramu 3.6 kwa lita. Kinachochujwa kinakuwa gramu 648. Wabebaji wote wakijaa, gramu 540 zinarudi na gramu 108 zinabaki kwenye mrija. Sukari hiyo huzuia maji yasirudi yote, na ndipo mgonjwa anapokojoa mara kwa mara, akashikwa na kiu isiyokatika, na sisimizi wakakusanyika pale alipokojoa.

Katika hali halisi sukari huanza kuonekana mapema kuliko hesabu hii inavyodokeza, takriban kwenye milimoli 10 kwa lita, kwa kuwa nefroni hazilingani na zile dhaifu huzidiwa kabla ya nyingine. Wapo pia wajawazito, na watu wachache waliozaliwa na wabebaji hafifu, ambao mkojo wao huwa na sukari huku damu yao ikiwa sawa. Ndiyo maana kisukari hakithibitishwi kwa mkojo peke yake. Vilevile dawa kama dapagliflozini huwazuia wabebaji haohao kwa makusudi. Anayeitumia atakuwa na sukari kwenye mkojo kila akipimwa, na hilo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Dhana potofu: Mkojo wa njano iliyokolea ni figo zinazolalamika, na maji mengi huzisafisha

Theluthi mbili hivi za maji yaliyochujwa hurudishwa katika sehemu ya kwanza ya mrija, uwe umekunywa maji au hukunywa. Uamuzi hufanywa mwishoni kabisa, kwenye mirija ya kukusanyia mkojo, na unategemea homoni ya vasopresini inayotolewa na tezi iliyo chini ya ubongo. Damu ikizidi ukolezi kwa asilimia moja au mbili tu, homoni huongezeka, kuta za mirija hiyo hufungua njia za maji, na maji hurudi mwilini. Mtu aliyefunga Ramadhani mahali penye joto kali, akaona alasiri mkojo wake umekuwa mchache na umekolea, anaona kazi ya figo zenye nguvu.

Uwezo huo una mpaka. Mlo wa kawaida huacha mabaki ya kutolewa kama miliosmoli 600 kwa siku, kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka, na figo nzima zinaweza kukoleza mkojo hadi karibu 1200 kwa lita. Ukigawanya utapata nusu lita, na hicho ndicho kiwango cha chini cha mkojo ambacho mtu huyo anapaswa kukitoa kwa siku hata kama hajanywa tone. Akikosa maji kiasi cha kushindwa kufikisha hapo, mabaki huanza kulundikana. Maji ya kutosha, kwa hiyo, ni lazima. Lakini maji ya ziada hayasugui chochote ndani ya figo. Hupunguza vasopresini na kutoka kama mkojo mweupe. Anayefaidika kwa kweli na maji mengi ni aliyewahi kupata mawe ya figo, ambaye hushauriwa anywe kiasi cha kumfanya atoe angalau lita mbili na nusu za mkojo kwa siku. Kwa upande mwingine, figo haziwezi kutoa maji zaidi ya takriban lita moja kwa saa, na anayezidisha hapo kwa saa kadhaa hupunguza sodiamu ya damu hadi kiwango cha hatari.

Dhana potofu: Maadamu nakojoa vizuri, figo zangu ni nzima

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi, kwa sababu hesabu ya nusu lita hugeuka figo zinapochakaa. Figo zilizopoteza uwezo wa kukoleza hutoa mkojo wenye ukolezi uleule wa plazima, karibu miliosmoli 300 kwa lita. Mabaki yaleyale 600 sasa yanahitaji lita mbili za maji. Mgonjwa huamka usiku mara mbili au tatu, mkojo ni mwingi na mweupe, naye anajipongeza. Dalili inayopaswa kumshtua ni kwamba mkojo wa alfajiri, baada ya saa nyingi bila kunywa, bado ni mweupe kama wa mchana. Hiyo peke yake haithibitishi ugonjwa wa figo, kwani kisukari na tezi dume pia humwamsha mtu usiku, lakini inatosha kumpeleka kwenye vipimo.

Kipimo cha kreatinini nacho kina mtego wake. Kwa kuwa kreatinini hutoka hasa kwa kuchujwa, uchujaji ukipungua kwa nusu, kiwango chake kwenye damu huongezeka takriban maradufu. Mama mwembamba ambaye kiwango chake cha kawaida ni mikromoli 45 kwa lita akifika 90, amepoteza karibu nusu ya uchujaji wake, lakini fomu nyingi za maabara bado zitasema yuko ndani ya kiwango. Hivyo daktari hukokotoa kasi ya uchujaji kwa kuzingatia umri na jinsia, na matokeo ya mwaka uliopita humsaidia kuliko ile safu ya viwango iliyochapwa pembeni.

Mara nyingi, hasa kwa wenye kisukari, kasoro ya kwanza huonekana kwenye ukuta wa kifundo kabla kreatinini haijapanda. Ukuta ukichakaa, albumini ambayo ilipaswa kuzuiwa huanza kupenya, na mrija una uwezo mdogo sana wa kuirudisha. Ikiwa nyingi, mkojo hutoa povu jingi lisiloisha haraka. Ikiwa kidogo, haionekani kwa macho na hupatikana tu kwa kupima uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, hasa wa asubuhi. Wenye kisukari na wenye shinikizo la juu la damu huhitaji kipimo hicho pamoja na kreatinini ya damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hawasikii maumivu yoyote kiunoni.