Pawa ya atoni inayodumu sio ile ya kuuzia kiwanja

Hii kauli naisikia sana kwa Waswahili wenzangu huku Uingereza: "mama ameanza kusahau ila hamna shida, mi ndo ndugu yake wa karibu, halafu alishanipa pawa ya atoni ya kiwanja cha Tanga". Kuna makosa mawili humo ndani na yote yanawaumiza watu.

Maana yenyewe ni fupi. Pawa ya atoni inayodumu ni hati unayosaini ukiwa na akili zako timamu, unamchagua mtu wa kukuamulia mambo ya pesa au ya afya siku ukishindwa kuamua mwenyewe. Hapa Uingereza na Wales inaitwa LPA na iko chini ya sheria ya 2005 iliyoanza kutumika 2007. Ziko mbili, fomu LP1F ya pesa na mali, LP1H ya afya na matunzo, na kusaini moja hakukupi nyingine. Kuna wazee bado wana ile ya zamani iliyosainiwa kabla ya tarehe 1 Oktoba 2007, hiyo bado ni halali lakini ni ya pesa tu, daktari hawezi kuifuata.

Sasa tofauti inayochanganya watu. Pawa ya atoni ya kawaida, ile unayomwachia mdogo wako akuuzie kiwanja we uko safarini, inasimama juu ya akili yako wewe. Mdogo wako anafanya kwa niaba yako kwa sababu unaweza kumwambia acha wakati wowote, kwahiyo siku akili yako ikiondoka na hati inaisha hapohapo, hata kama karatasi ina mihuri yote. Tanzania ni hivyohivyo, sheria ya mikataba inasema uwakala unaisha mwenye mali akifa au akipoteza akili timamu. Yaani inakatika wakati ule ule familia inapoihitaji. LPA imetengenezwa makusudi isikatike, na ndo maana ina masharti mengi: lazima awepo mtu asiye ndugu, aliyekufahamu angalau miaka 2 au mtaalamu kama daktari au mwanasheria, athibitishe kwamba umeelewa na hujalazimishwa, halafu hati isajiliwe OPG, ofisi ya serikali inayosimamia hizi hati. Bila kusajiliwa haitumiki kabisa. Na saini zina foleni yake, mwenye hati kwanza, kisha yule mthibitishaji, kisha wale uliowachagua wakuamulie, ukipindua huo mpangilio inarudishwa.

Hilo la "ndugu wa karibu" nalo halina nguvu watu wanayodhani. Chukua mzee amepata kiharusi, hawezi tena kuelewa mambo, mkewe yupo na watoto wanne wapo. Madaktari watawauliza maoni yao, ndio, lakini uamuzi wa matibabu wanaufanya wao kwa kuangalia kinachomfaa mgonjwa. Benki nayo ikijua mzee hajiwezi, mke haruhusiwi kugusa akaunti ya mumewe, na hata ile ya pamoja benki inaweza kuizuia kwa muda. Inabidi familia iende mahakamani kuomba mmoja wao ateuliwe, inachukua miezi, gharama ni kubwa kuliko ya hati, na akishateuliwa anatoa ripoti ya matumizi kila mwaka. Kwa afya mahakama huwa nzito zaidi kumteua mtu. Mzee angekuwa amesaini zote mbili, mtoto aliyemchagua angekaa na madaktari kama mwamuzi, na kwenye LP1H kuna sehemu mzee anasema kabisa kama huyo mtoto anaweza kukubali au kukataa matibabu ya kumweka hai. Hapo wengi wanapita haraka, wasipite.

Jambo jingine la kuangalia ni jinsi hao uliowachagua watakavyofanya kazi. Ukiandika wanne waamue kila kitu pamoja tu, mmoja akifariki na hukuweka wa akiba, hati nzima inaanguka. Ukiandika pamoja au mmoja mmoja, waliobaki wanaendelea.

Na kiwanja cha Tanga, LPA ya huku isitegemewe kule, ongeeni na wakili wa kule mzee akiwa bado anaweza kuamua.

Kwahiyo ukimsikia mtu anasema "mama akizidiwa tutamsainia", mwambie taratibu kwamba anayeamua hilo ni mama mwenyewe akiwa bado anaelewa, hakuna mtoto anayeweza kumuamulia. Na akikujibu "basi tumechelewa, daktari keshasema ni dimensha", mwambie pia sio lazima iwe hivyo, jina la ugonjwa halifungi mlango. Kinachoangaliwa ni kama siku ile ya kusaini mama anaelewa hati ni ya nini, anaikumbuka muda wa kutosha kuipima, na anaweza kusema anachotaka, hata kama asubuhi yake kasahau alichokula.