SATA au NVMe: SSD ipi inaifaa kompyuta yako ya zamani?

Anayekwenda kununua SSD huulizwa swali moja na muuzaji: unataka SATA au NVMe? Zote mbili huhifadhi data kwenye chipu, hakuna sahani inayozunguka ndani. Kinachozitenganisha ni njia ambayo data hupita kutoka kwenye diski kwenda kwenye prosesa. SATA ilibuniwa enzi za diski ngumu za kuzunguka, na upeo wake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, hata chipu zikiwa na uwezo wa kutoa zaidi. NVMe, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, ilibuniwa mahsusi kwa SSD na hupita kwenye njia za PCIe. Nyingi za kizazi cha PCIe 3.0 hukaribia megabaiti 3,500 kwa sekunde.

Kwa hesabu hiyo NVMe ni mara sita ya SATA, na muuzaji atakwambia hivyohivyo. Lakini kasi hiyo ni ya kusoma faili moja kubwa mfululizo, na kompyuta inapowaka haifanyi kazi ya namna hiyo. Inaokota vipande vidogovidogo vya data, maelfu kwa maelfu, kila kimoja mahali pake.

Tuchukue Dell Latitude E6430, mashine ya mwaka 2012 ambayo bado inaonekana mikononi mwa watu. Tuseme ina diski ngumu ya kuzunguka, na ili iwake na kufungua kivinjari inahitaji vipande 20,000. Kwa kila kipande, kichwa cha diski lazima kihame na kusubiri sahani izunguke hadi data ifike chini yake: kama milisekunde 15. Zidisha, unapata sekunde 300, yaani dakika tano. SSD ya SATA hutumia takribani milisekunde 0.1 kwa kipande, kwa hiyo kazi yote ni sekunde 2. NVMe ikitumia nusu ya hapo, ni sekunde 1. Uhalisia una mengine ndani yake, prosesa nayo ina kazi yake ya kufanya, lakini uwiano ndio huo. Ukiiacha diski ya kuzunguka umeokoa karibu dakika tano. Ukiruka SATA kwenda NVMe, umeokoa sekunde moja zaidi.

Na hiyo E6430 haina hata mahali pa kuchomeka NVMe. Ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 tu: unafungua skrubu mbili chini, unachomoa kifremu cha diski, unahamishia SSD ya SATA humo na kukirudisha. Kwa kompyuta ya mezani ya umri huo, utaambiwa kuna kadi ya kugeuza NVMe iingie kwenye PCIe. Ipo kweli, ila BIOS, yaani programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, nyingi za zamani haziwezi kuwasha Windows kutoka humo.

Kinachowaponza wanunuzi zaidi ni M.2. Hilo ni jina la umbo, kile kijiti chembamba mfano wa kipande cha chingamu, na wala si jina la kasi. Ndani ya umbo hilo kuna SSD za SATA na za NVMe. Rafiki yangu alinunua ya NVMe kwa sababu "inaingia". Iliingia vizuri, skrubu ikakaza, na kompyuta haikuiona kabisa. Nafasi yake ya M.2 ilikuwa ya SATA tu. Tazama meno ya kijiti: ya NVMe kwa kawaida ina pengo moja, ya SATA mara nyingi ina mapengo mawili. Ila meno yanakueleza habari za SSD tu. Habari za nafasi yenyewe zimo kwenye mwongozo wa modeli yako, na huo usome kabla ya kutoa hela.

Kujua kilichomo sasa hivi, fungua PowerShell uandike:

```
Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, BusType
```

Ikijibu HDD, yaani diski ya kuzunguka, SSD ya aina yoyote utaihisi siku hiyohiyo. Ikijibu SSD na SATA, mimi nisingehangaika na NVMe, labda uwe unahariri video. Faili za gigabaiti 50 husomwa kwa sekunde 100 hivi kwenye SATA na kama 15 kwenye NVMe. Ukizinakili kutoka flashi ya polepole, hata hiyo tofauti huioni.

Kuna hali moja ambayo SSD haiitibu. Fungua Task Manager mashine inapokwama. `Disk` ikiwa 100% huku `Memory` ina nafasi, tatizo ni diski. Lakini `Memory` nayo ikiwa imejaa, kwenye mashine ya RAM ya gigabaiti 4, Windows inaitumia diski kama RAM ya akiba. SSD itapunguza maumivu tu. Hapo ongeza RAM kwanza, na kwa E6430 nafasi zake ziko mbili.