Kiambatisho ndani ya PDF na PDF Portfolio: mpokeaji anaona nini?

Faili ya PDF ina uwezo ambao wengi hawautumii: inaweza kubeba faili nyingine ndani yake. Faili hiyo iliyobebwa, iwe ya Excel, picha au hati ya Word, haigeuzwi kuwa kurasa. Inakaa humo nzima, na mpokeaji anaweza kuitoa na kuifungua kama alivyoifungua mwenyewe aliyeiweka. Hicho ndicho kiambatisho cha PDF, na ni tofauti kabisa na kuunganisha PDF mbili ziwe moja, kwa sababu ukiunganisha, kila kitu kinakuwa kurasa na hesabu za Excel zinabaki tarakimu tupu zisizo na fomula.

PDF Portfolio, au potifolio, imejengwa juu ya uwezo huohuo. Ukiichungulia ndani utakuta ni PDF ya kawaida yenye viambatisho, pamoja na agizo moja la ziada linaloiambia programu: usianze na kurasa, anza na orodha ya faili zilizomo. Agizo hilo liliingia na Acrobat 8 mwaka 2006, wakati kitu hiki kikiitwa PDF Package. Jina la sasa lilikuja na Acrobat 9 mwaka 2008. Lakini PDF haiwezi kukosa ukurasa hata mmoja, kwa hiyo kila potifolio ina ukurasa wa jalada. Programu inayolielewa agizo huonyesha orodha. Isiyolielewa huonyesha jalada, basi.

Hapo ndipo watu huumia. Chukua mkadiriaji wa gharama za ujenzi mwenye ofisi Upper Hill, anayeandaa dai la malipo la nne kwa jengo la ghorofa linaloinuka Ruaka. Ana barua ya dai ya kurasa tatu, BQ ya Excel, yaani jedwali la kazi na gharama zake, yenye vipimo vya kazi iliyokamilika, na picha za slabu iliyomwagwa. Anavifunga vyote kwenye potifolio na kuituma. Injinia yuko saiti, anaifungua kwa simu, kisha anapiga: "Bosi, mbona naona ukurasa mmoja tu?" Ukurasa huo una maneno haya, au yanayofanana nayo:

```
For the best experience, open this PDF portfolio in
Acrobat 9 or Adobe Reader 9, or later.
```

Hakuna kilichopotea. Barua, BQ na picha zote zimo kwenye simu yake, ila programu aliyofungulia haina njia ya kumwonyesha. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukurasa ni mmoja lakini faili ina uzito wa megabaiti kadhaa. Ukurasa mmoja wa maandishi hauwezi kuwa na uzito huo, kwa hiyo kuna kitu ndani. Na kama injinia angemwambia katibu ampigie chapa, kingetoka kikaratasi kilekile cha jalada, maana anayechapisha PDF anachapisha kurasa zake, si viambatisho.

Kwa kazi ya namna hii mimi ningeacha potifolio kabisa. Potifolio inafaa ndani ya ofisi moja ambamo kila mtu ana Acrobat kwenye kompyuta, na hati ni nyingi kiasi cha kuhitaji kupangwa kwa safu na majina. Dai la malipo linapita kwa injinia, mwenye jengo, mhasibu na pengine wakili, na hujui kila mmoja anafungulia nini.

Njia salama ni hii. Kila kitu ambacho msomaji lazima akione kiwe kurasa: barua, BQ iliyogeuzwa PDF, picha, vyote vimeunganishwa kwa mpangilio. Kisha faili ya Excel iambatishwe ndani ya PDF hiyo kwa ajili ya yule anayetaka kukagua fomula. Asiyekiona kiambatisho hajakosa kitu cha lazima. Na kwenye barua yenyewe iandikwe wazi kwamba faili ya bq-04.xlsx imo ndani ya PDF hii na inapatikana kwenye alama ya klipu, la sivyo hakuna atakayeitafuta.

Acrobat ina sehemu ya kuambatisha. Asiye nayo anaweza kutumia vifaa vya bure vya poppler, ambavyo hupatikana kwa urahisi kwenye Linux:

```
pdfattach dai-04.pdf bq-04.xlsx dai-04-kamili.pdf
pdfdetach -list dai-04-kamili.pdf
pdfdetach -saveall dai-04-kamili.pdf
```

Mstari wa kwanza unatengeneza PDF mpya yenye Excel ndani. Wa pili unaorodhesha vilivyomo, na huo ndio ukaguzi wa kufanya kabla ya kutuma. Wa tatu ni wa mpokeaji: unavitoa vyote na kuvihifadhi kwenye folda aliyopo. Firefox kwenye kompyuta nayo huonyesha viambatisho kwenye utepe wa kando, kwa hiyo hata asiye na Acrobat ana pa kuanzia.

Kuna aina mbili za kiambatisho. Kinachowekwa kwa njia niliyoeleza ni cha hati nzima. Kingine hubandikwa mahali fulani kwenye ukurasa, kikaonekana kama pini au klipu, kwa mfano kando ya mstari wa BQ unaozungumzia nondo. Hicho cha pili kinaufuata ukurasa wake: ukiufuta ukurasa, nacho kimekwenda. Kile cha hati nzima huwa hatarini zaidi PDF inapopitishwa kwenye programu za kugawa au kuunganisha, kwani baadhi huchukua kurasa peke yake na kuacha viambatisho nyuma. Ukihitaji kuunganisha, unganisha kwanza, ambatisha baadaye. Sahihi ya kidijitali ije mwisho wa yote, kwa sababu inalinda faili ilivyokuwa wakati wa kutiwa, na viambatisho vyake vimo.

Usiambatishe ZIP. Adobe Reader hukataa kufungua ZIP na EXE zilizo ndani ya PDF kwa sababu za usalama, na mpokeaji ataona onyo tu. Wala usitarajie uzito kupungua: picha za JPEG na faili za Excel tayari zimebanwa, kwa hiyo ukiweka picha za megabaiti 20, PDF itakuwa na karibu megabaiti 20. Gmail ina kikomo cha megabaiti 25 kwa ujumbe, na faili huongezeka kama theluthi inapopakiwa kwa barua pepe.

Jambo ninalolihofia zaidi ni lile la kiambatisho kisichojulikana kuwa kipo. Mkadiriaji wetu akiweka kwenye Excel karatasi ya pili yenye bei halisi za saruji na faida ya mkandarasi, kisha injinia aisambaze PDF hiyo kwa mwenye jengo, karatasi hiyo inasafiri nayo. Haionekani kwenye kurasa wala kwenye chapa, lakini yeyote mwenye kujua klipu iko wapi ataifungua. Unapopokea PDF ya mtu na unataka kuipeleka mbele, ipitishe kwanza kwenye pdfdetach -list. Ukikuta kitu kisichomhusu anayefuata, ifungue PDF na uichapishe upya kama PDF: kurasa zitabaki, viambatisho vitatoka, na kama kulikuwa na sahihi ya kidijitali nayo itatoka.