Bango la utafiti si slaidi zilizobandikwa pamoja

"Slaidi zangu 12 ziko tayari. Si nizipange tu kwenye bango la A0?"

Hapana. A0 ya wima ina upana wa sentimita 84. Ukipanga slaidi tatu kwa safu, kila moja inabaki na sentimita 28 kutoka 34 hivi za awali, na maandishi ya pointi 24 yanashuka hadi 20. Namba za grafu ndizo huumia zaidi: msomaji hulazimika kuinama.

Kosa kubwa, hata hivyo, ni mpangilio. Kwenye slaidi wewe ndiye unayeongoza, hivyo matokeo yanaweza kusubiri mwisho. Mbele ya bango, mtu anapita na kikombe cha chai, anatupa jicho juu, anaamua kusimama au kuendelea. Tuseme utafiti ni wa mwani wa Mlingotini, Bagamoyo. Kichwa "Athari za joto kwa mwani" hakimwambii kitu. Andika jibu lenyewe, pointi 85 au zaidi: "Mwani wa kina kirefu ulistahimili joto." Chini yake weka grafu moja kubwa; mbinu zibane pembeni. Maelezo ya mdomo yaliyoshikilia slaidi yaingie kwenye vichwa vya picha, maana utakapokwenda kula, bango litabaki peke yake.