"Picha haionyeshi kitu": dhana potofu kuhusu kiharusi ambazo nimezisikia Bukavu

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, mjukuu wa mama mkubwa alituma picha kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Chini yake aliandika: "Bibi anaongea kama mlevi, mnaonaje?" Mimi ni muuguzi, lakini asubuhi hiyo nilikuwa nikiteremka kwa miguu kutoka Kadutu na simu ilikuwa mfukoni. Nilipoifungua ilikuwa saa moja na nusu. Ndugu walikwisha kuandika ujumbe kumi na nne. Mmoja alisema ni uchovu, mwingine alisema ni karuho, sumu ya kulishwa, wa tatu aliuliza kama amekunywa dawa ya tansio. Binamu yangu ndiye aliyefunga mjadala: "Uso uko sawa kabisa, angalieni picha."

Dhana: picha ikionyesha uso ulionyooka, si kiharusi

Ni kweli, ukiitazama haraka ile picha huoni kitu. Mama mkubwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mdomo umefungwa. Niliikuza kwa vidole viwili. Kila mtu mzima ana mkunjo unaoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Upande mmoja wa uso wake mkunjo ulikuwa wazi, upande wa pili ulikuwa umefutika kama nguo iliyopigwa pasi. Pembe ya mdomo upande huohuo ilikuwa imeshuka kidogo sana, na kitenge kilikuwa na doa la mate.

Uso uliotulia unaficha udhaifu. Misuli haina kazi ya kufanya, kwa hiyo haikuonyeshi kama imeshindwa. Ndiyo maana picha ya mtu aliyefunga mdomo haiwezi kumwondolea mtu kiharusi. Inaweza kukutia wasiwasi, haiwezi kukutuliza. Nilimpigia yule mtoto simu: "Mwanangu, mwambie bibi aonyeshe meno yote, kama anayecheka. Umchukue video, si picha." Katika video ya sekunde sita upande mmoja wa mdomo ulipanda, wa pili ulibaki pale pale.

Kisha mikono. Ainyooshe yote miwili mbele, viganja vitazame juu, afumbe macho, uhesabu hadi kumi. Mkono dhaifu hauanguki lazima kama gogo. Mara nyingi unashuka polepole na kiganja kinageukia ndani, na mwenyewe hajui. Mwisho, arudie sentensi nyepesi. Nilimpa hii: "Leo naenda soko la Kadutu kununua sambaza." Maneno yalitoka yamevurugika, "sambaza" haikutamkika. Dalili moja kati ya hizo tatu ikija ghafla inatosha kumwondoa mtu nyumbani. Yeye alikuwa nazo zote.

Jambo dogo kuhusu simu: kamera ya mbele mara nyingi hugeuza picha kama kioo, kulia kukawa kushoto. Usimwambie muganga wa hospitali upande ulioathirika kwa kuangalia picha. Mguse mgonjwa, useme "mkono wake wa kuume" au "wa kushoto". Na kama unashuku kuwa mdomo wake ulikuwa hivyo tangu zamani, linganisha na picha ya kadi yake ya mpiga kura, lakini ulinganishe mkiwa njiani.

Wengine wamesikia kwamba mdomo ukipinda ni baridi tu imempiga. Upo kweli ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso, usiotoka kwenye ubongo. Huo kwa kawaida hushika uso wote wa upande mmoja: paji haliwezi kukunjwa, jicho halifungi vizuri, mkono na maneno havina shida. Kwenye kiharusi paji la uso mara nyingi linabaki na nguvu. Hiyo ni alama ya muganga, si ya kikundi cha familia. Magonjwa yote mawili yanataka hospitali.

Dhana: ni karuho, mpe maziwa atapike

Hapa ndipo roho yangu inapouma zaidi, kwa sababu anayeleta maziwa anampenda mgonjwa. Mtu aliyepooza mdomo anaweza kuwa amepooza koo pia. Maziwa, maji, dawa ya mizizi, hata kidonge kilichosagwa, vinaweza kupita njia ya hewa na kuingia mapafuni, na nimonia ikafuata. Asipewe chochote kinywani mpaka uwezo wake wa kumeza upimwe. Kama anasinzia au anatapika, mlaze kwa ubavu.

Kidonge cha tansio chini ya ulimi nacho kiachwe. Wakati wa kiharusi tansio hupanda, na mshipa ukiwa umeziba, presha hiyo ndiyo inayosukuma damu kidogo kwenye sehemu ya ubongo inayokaribia kufa. Ukiishusha ghafla nyumbani, unaikatia hata hiyo kidogo. Aspirini vilevile isitangulie skana, ile picha ya ndani ya kichwa, maana kama mshipa umepasuka, itazidisha kuvuja. Na wanaochoma vidole kwa sindano ili "damu mbaya itoke", vidole havina njia ya kuondoa kitu kilicho kichwani.

Dhana: saa inaanza pale mlipomkuta

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa, kwa kawaida, ndani ya saa nne na nusu. Saa hizo hazihesabiwi tangu mlipoona mdomo, zinahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Mtoto alisema bibi alianza "saa moja". Nikamuuliza nani aliongea naye kabla. Jirani alikuwa amenunua makala ya kupikia kwake saa kumi na mbili na robo, akamrudishia chenji bila kukosea. Basi mwisho wa dirisha ni saa tano kasorobo, na dakika kumi na nane tulikwisha kuzila kwenye kikundi. Muda niliuandika kwenye karatasi pamoja na majina ya dawa zake. Msitegemee saa iliyo kwenye picha ya WhatsApp: hiyo ni saa ya kutumwa, si ya kupigwa.

Tulimtoa kwa gari la jirani. Pikipiki ingekuwa rahisi kwenye mteremko ule, lakini mtu asiye na nguvu upande mmoja hawezi kujishika. Nikiwa garini nilipiga simu hospitali kuuliza kama skana inafanya kazi siku hiyo. Tulifika saa mbili na dakika ishirini. Kitu cha kwanza kilikuwa tone la damu kupima sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana huiga kiharusi kabisa, na hurekebishwa kwa dakika chache. Yake ilikuwa sawa.

Kuna wanaosema kama dawa ya kuyeyusha haipo, hakuna sababu ya kukimbia. Hata bila dawa hiyo, ni skana inayotofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka, na matibabu yake hayafanani. Na hata dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika ishirini, nenda. Siku mbili za kwanza ndizo ambazo kiharusi kikubwa hurudi zaidi.

Skana ya mama mkubwa haikuonyesha kitu. Binamu alifurahi, akaanza kukunja blanketi ili turudi nyumbani. Muganga alimzuia mkono. Alimweleza kwamba mshipa ulioziba, katika saa za kwanza, mara nyingi hauonekani kwenye skana. Picha ile ilikuwa imetuambia jambo moja tu, kwamba hakuna damu iliyovuja. Alimgeukia mama mkubwa, akamwomba tena aonyeshe meno.